Karatasi kwanza, kompyuta baadaye: kumsaidia mtu kuomba kazi kwenye Ajira Portal

Mtu akiingia steshenari na kusema "nataka kuomba kazi", mara nyingi anaamini anakuja kuchapiwa. Ana simu mkononi yenye picha ya tangazo, ana bahasha ya vyeti kwapani, na anauliza bei ya CV. Sisi tunaofanya kazi hii kila siku tumejifunza kwamba kuchapa ndiyo sehemu ndogo kuliko zote. Maombi mengi yanayoanguka huangukia kwenye karatasi zisizolingana, kwenye barua isiyo na sahihi, na kwenye akaunti ambayo mwenyewe hawezi kuifungua akishatoka dukani. Makosa hayo yote hufanyika mezani kwetu, kwa hiyo ni sisi wenye uwezo wa kuyazuia.

Hapa tutafuata ombi moja tangu mteja anapoketi hadi anapoondoka. Tuchukue mteja wa aina tunayempokea sana: dada mwenye stashahada ya utunzaji wa kumbukumbu, anayeomba nafasi ya Msaidizi wa Kumbukumbu Daraja la II iliyotangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Maombi ya huko hupokelewa kwa njia moja tu, mfumo wa `portal.ajira.go.tz`, na kuomba ni bure. Hilo la bure tunalisema mwanzoni kabisa, kabla ya kutaja bei yetu. Mteja ajue kwamba anachotulipa ni kazi ya mikono, umeme na bando, na kwamba hakuna shilingi inayokwenda Dodoma. Asipoelezwa hivyo, kesho akipigiwa simu na tapeli anayetaka "hela ya kusukuma faili" ataona ni jambo la kawaida, maana hata steshenari alilipa.

Kabla ya kugusa kompyuta tunasafisha meza na kumwomba aweke karatasi zake zote: namba ya NIDA, cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, cha sita kama anacho, cheti cha chuo na transkripti. Halafu tunalisoma tangazo lote pamoja naye, pamoja na yale masharti ya jumla yaliyoko mwishoni ambayo watu wengi huyaruka. Humo ndimo imeandikwa kwamba mwombaji awe na umri usiozidi miaka 45 isipokuwa aliyeko tayari kwenye utumishi wa umma, kwamba cheti cha kuzaliwa kithibitishwe na mwanasheria au wakili, na kwamba hati za matokeo za muda hazikubaliwi. Sharti hili la mwisho ndilo linalowarudisha wengi. Mtu amemaliza chuo, hajaenda kuchukua cheti chake kwa sababu ya nauli au kwa sababu anadaiwa ada, na amekuja na karatasi ya matokeo akidhani inatosha. Kwa kidato cha nne ni hivyo hivyo: anayeleta karatasi ya matokeo badala ya cheti chenyewe yuko kwenye hatari ileile. Mteja wa namna hiyo anaambiwa ukweli na hatozwi kitu. Kumpokelea pesa halafu kumtumia ombi ambalo masharti yenyewe yameshalikataa ni kumwibia.

Tukitoka kwenye masharti tunaingia kwenye kulinganisha. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, kisha siku. Namba inayoanza na 19980705 ni ya mtu aliyezaliwa tarehe 5 Julai 1998. Tunaiweka pembeni ya cheti cha kuzaliwa na kusoma kimoja baada ya kingine. Kosa linalojirudia ni siku na mwezi kupishana, yaani cheti kinasema 7 Mei na NIDA inasema 5 Julai. Kwa macho ya haraka tarehe hizo zinafanana, maana zote zina saba na tano, lakini mbele ya msaili anayeshika vyeti halisi ni watu wawili tofauti. Anayekutwa na hili anaelekezwa kwenda ofisi ya NIDA ya wilaya yake na cheti halisi cha kuzaliwa, aombe marekebisho.

Majina ndiyo yanayochukua muda zaidi. Tunayaandika kwenye karatasi nyeupe, mstari mmoja kwa kila hati, herufi kwa herufi kama yalivyo. Kwa yule dada wa kumbukumbu tunaweza kukuta NIDA na cheti cha kuzaliwa vina majina matatu, jina la baba likiwa Mohamed, cheti cha kidato cha nne kina majina mawili tu, na cha chuo kina majina matatu lakini baba ameandikwa Mohammed kwa m mbili. Yeye hajawahi kuliona hilo kwa sababu kwake ni baba yuleyule. Matangazo ya usaili ya Sekretarieti husema wazi kwamba wenye majina yanayotofautiana kwenye nyaraka zao waje na hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati. Hati hiyo huandaliwa na wakili, ina gharama, na haipatikani kwa siku moja. Ndiyo maana tunamwambia leo, wakati bado yuko kwenye hatua ya kuomba, ili aianze mapema. Akisubiri mpaka aitwe kwenye usaili, siku zitakuwa hazitoshi.

Kazi hii ya mezani inakula dakika ishirini hadi nusu saa, na haionekani kama kazi. Wateja wengine hulalamika: "Kaka, mimi nina haraka, niandikie tu." Tunaomba radhi na tunaendelea. Kwenye bei tumeiingiza ndani ya ada ya kufungua akaunti na kujaza, kwa sababu ukiitaja peke yake hakuna atakayekubali kuilipia.

Tukiridhika na karatasi, ndipo tunafungua barua pepe. Hapa kuna tabia mbaya iliyoenea madukani, nayo ni kumfungulia mteja akaunti ya Gmail kwa namba ya simu ya dukani ili kazi iende haraka. Matokeo yake huonekana baada ya wiki kadhaa. Mteja anataka kuangalia ombi lake, amesahau neno la siri, anabonyeza kuomba jipya, na ujumbe wenye namba za uthibitisho unakwenda kwenye simu ya mhudumu ambaye huenda ameshaacha kazi pale. Isitoshe, Google yenyewe huzuia namba moja kutumika kwa akaunti nyingi, na skrini huandika `This phone number has been used too many times`. Ukiona maneno hayo ujue duka hilo limeshika funguo za nyumba za watu wengi.

Utaratibu wetu ni huu. Barua pepe inafunguliwa kwa laini ya mteja mwenyewe, simu yake ikiwa mezani imewashwa. Haihitaji kuwa simu janja, kitochi kinatosha, maana kinachopokelewa ni ujumbe mfupi. Neno la siri anachagua yeye na analicharaza yeye kwenye kibodi, hata kama anatafuta herufi kwa kidole kimoja. Tunamwomba aliandike kwenye daftari lake au nyuma ya kadi ngumu atakayoiweka pamoja na vyeti, likiwa limeandikwa kwa kutofautisha herufi kubwa na ndogo. Anwani ya barua pepe iwe ni majina yake, mawili au matatu, na namba kidogo kama majina yamechukuliwa. Zile za utani alizofungua shuleni tunamshauri aziache, kwa sababu anwani hiyo itaandikwa juu ya CV yake.

Kabla hatujaendelea, tunatoka kwenye akaunti na kumtaka aingie tena yeye mwenyewe bila msaada. Akiweza, tunaendelea. Akishindwa, tunarudia. Jambo hili linafanyika pia baada ya kufungua akaunti ya Ajira Portal, ambayo huomba barua pepe, neno la siri, kisha namba ya NIDA. Mfumo unapothibitisha namba hiyo humuuliza mwenyewe maswali kutokana na taarifa alizotoa wakati wa kujiandikisha NIDA, mambo kama majina ya wazazi au mahali alipozaliwa. Jibu linatakiwa lifanane na lile aliloliandika kwenye fomu ya NIDA, hata kama leo angelisema vingine. Kwa hiyo huwezi kumfungulia mtu akaunti hayupo. Ndugu anayeleta vyeti vya mdogo wake na kusema "mfungulieni tu, yeye yuko shamba" anaombwa ampigie simu au arudi naye.

Sasa CV. Wengi huja na CV waliyoipata kwa rafiki, yenye sentensi za Kiingereza zilizonakiliwa kuhusu kuwa mchapakazi, mwaminifu na mwenye uwezo wa kufanya kazi chini ya shinikizo. Sentensi hizo ziko kwenye CV za waombaji wengine wengi, hazimtofautishi na yeyote. Mtu aliyetoka chuo hana historia ndefu ya ajira, lakini karibu wote wamefanya mafunzo kwa vitendo, na hapo ndipo tunachimba. Kwenye CV ya yule dada kuna mstari mmoja tu: "Nilifanya fildi halmashauri." Tunamuuliza maswali ya kawaida. Barua ikifika asubuhi pale masijala, wewe ulikuwa unafanya nini nayo? Ofisa akitaka jalada, ulilipataje? Majalada yaliyojaa mliyapeleka wapi? Akijibu kwa maneno yake, tunaandika:

"Mafunzo kwa vitendo, masijala ya halmashauri ya wilaya, Julai hadi Septemba 2022. Kupokea barua zinazoingia na kuziandikisha kwenye rejista. Kufungua majalada mapya na kuyapa namba. Kupanga majalada kwenye reki na kuyatafuta yanapohitajiwa na maofisa. Kufuatilia mwendo wa majalada yaliyotoka masijala."

Kisha tunafungua tangazo na kumwonyesha majukumu ya kazi anayoomba: kutafuta nyaraka na majalada yanayohitajiwa, kudhibiti upokeaji na uandikishaji wa kumbukumbu, kuchambua na kupanga kumbukumbu kwa makundi, kuziweka kwenye reki. Anaona mwenyewe kwamba ameshayafanya. Hatujaongeza hata neno moja la uongo, tumeyataja tu yale aliyokuwa anayadharau. Mipaka yetu ni hapo. Mteja anayetaka aongezewe miaka miwili ya uzoefu katika kampuni ambayo hakuwahi kukanyaga, au abadilishiwe daraja kwenye cheti "kwa sababu kompyuta yenu inaweza", tunamrudishia karatasi zake. Tangazo lenyewe linaonya kwamba wanaowasilisha taarifa za kughushi watachukuliwa hatua za kisheria, na aliyeandaa hati hiyo hawezi kujifanya hakuwepo.

CV iwe kurasa mbili, tatu zikizidi sana. Wadhamini wawe watatu, kama tangazo linavyotaka, kila mmoja na cheo, anwani, barua pepe na namba ya simu. Tunamshauri mteja aanze na mkufunzi wa chuo na msimamizi wa fildi, na tunamwomba awapigie palepale dukani kabla hatujaandika namba zao. Mara nyingi namba aliyonayo haipatikani, au msimamizi amehamishwa. Simu hiyo moja inazuia jina la mtu asiyejua kwamba ametajwa.

Kuna kosa la madukani ambalo lazima tulitaje kwa sababu mteja hawezi kuliona kirahisi. Mhudumu anafungua CV au barua ya mteja wa jana, anafuta jina na kuandika jipya, kisha anachapa. Anwani inabaki ya jana, au mdhamini wa tatu anabaki wa jana, au kichwa cha barua kinabaki cha kazi ya udereva. Dawa yake ni kuwa na kiolezo kitupu, kisicho na taarifa za mtu yeyote, na kukifanya faili la kusomwa tu ili kisihifadhiwe juu yake. Na kabla ya kuchapa nakala ya mwisho mteja anasoma kwa sauti kila mstari wa juu na kila namba ya simu. Asiyejua kusoma Kiingereza aandikiwe kwa Kiswahili, kwa sababu matangazo huruhusu barua kwa lugha yoyote kati ya hizo mbili.

Barua ya maombi haitakiwi kuwa ndefu. Kwa nafasi hii tunaiandika hivi, anwani ya mwombaji na tarehe vikiwa vimeshakaa juu upande wa kulia:

"Katibu,
Ofisi ya Rais,
Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma,
S.L.P. 2320,
DODOMA.

YAH: MAOMBI YA KAZI YA MSAIDIZI WA KUMBUKUMBU DARAJA LA II

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni Mtanzania mwenye umri wa miaka 26. Nina cheti cha kidato cha nne na stashahada ya utunzaji wa kumbukumbu. Naomba nafasi hiyo kama ilivyotangazwa.

Katika mafunzo kwa vitendo kwenye masijala ya halmashauri ya wilaya nilipokea na kuandikisha barua, nilifungua na kupanga majalada, na kuyatafuta yalipohitajiwa na maofisa. Kazi hizo ni miongoni mwa majukumu yaliyoainishwa kwenye tangazo.

Nimeambatisha nakala za vyeti vyangu. Nipo tayari kwa usaili wakati wowote nitakapoitwa."

Chini yake inafuata "Wako mtiifu", nafasi ya sahihi, na majina kamili kama yalivyo NIDA. Anwani ya mwandikiwa inakiliwa kutoka kwenye tangazo lililopo mezani. Barua za zamani zinazozunguka kwenye simu za watu bado zina sanduku la posta la Dar es Salaam. Na kichwa cha barua kitaje cheo kama kilivyoandikwa, pamoja na daraja lake.

Baada ya hapo barua inachapwa kwenye karatasi, mteja anaisaini kwa kalamu, ndipo inaskaniwa. Hatua hii huonekana kama kuzunguka bure, kwa nini usiihifadhi tu kama PDF moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta? Kwa sababu ikihifadhiwa hivyo haina sahihi, na tangazo linataka barua iliyosainiwa. Mhudumu anayemsainia mteja "ili aende zake" anatenda kosa kubwa zaidi, maana siku ya usaili dada huyo ataandika sahihi yake halisi kwenye karatasi nyingine.

Kuskani nako kuna ujuzi wake. Tunatumia mashine ya kuskani kila inapowezekana, kwa 150 au 200 dpi. Ukurasa wa A4 kwa 150 dpi unasomeka vizuri na faili lake huwa dogo, ilhali kwa 600 dpi faili linakuwa zito na mfumo unalikataa kwa kuzidi ukubwa unaoonyeshwa pale pa kupandishia. Mpangilio wa rangi ndio unaoharibu mambo kimyakimya. Ukichagua nyeusi na nyeupe tupu, muhuri wa wakili wenye wino wa bluu au zambarau uliofifia unapotea kabisa au unabaki madoadoa, na cheti kilichothibitishwa kinaonekana kama hakijathibitishwa. Tunaskani kwa rangi, na baada ya kupata PDF tunaikuza kwenye skrini na kujiuliza kama jina la wakili ndani ya muhuri linasomeka. Lisiposomeka, tunarudia, au tunamshauri mteja akagongewe upya kwa wino mzuri.

Picha ya simu ni ya dharura tu, umeme ukikatika. Ipigwe mchana karibu na dirisha, karatasi ikiwa imelala bapa, bila kivuli cha mkono, na kingo zote nne zionekane. Cheti kilichotiwa plastiki hung'aa kikipigwa taa na kufuta maneno ya katikati. Kila faili tunalipa jina la kile kilichomo, kama `cheti_kuzaliwa.pdf` na `kidato_cha_nne.pdf`. Mafaili yanayoitwa `scan0001` na `scan0002` ndiyo yanayofanya cheti cha chuo kipandishwe kwenye nafasi ya kidato cha nne.

Tukifika kwenye kujaza fomu, kazi nzito imeshaisha. Sehemu ya elimu, `Academic Qualifications`, ndiyo inayotaka utulivu. Kila ngazi inajazwa peke yake, na chuo pamoja na kozi vinachaguliwa kwenye orodha. Hapo mhudumu mwenye haraka huchagua kozi ya kwanza inayokaribiana na ile ya mteja. Usifanye hivyo, soma jina la kozi lililoko kwenye cheti na utafute lilelile. Nafasi hii inataka stashahada ya utunzaji wa kumbukumbu, na ukichagua stashahada ya jirani yake unakuwa umemwondolea mteja sifa aliyonayo. Miaka ya kuanza na kumaliza itoke kwenye vyeti, isitoke kichwani, halafu ifanane na ile ya CV. Tunahifadhi kila sehemu kabla ya kwenda nyingine, kwa sababu mtandao ukikatika katikati unaanza upya.

Mwisho wa fomu kuna tamko kwamba taarifa zote ni za kweli. Tunamgeuzia mteja skrini, tunamsomea kwa Kiswahili, na kitufe anabonyeza yeye. Ndipo tunafungua tangazo la nafasi, tunapandisha barua, na kutuma. Baada ya kutuma tunaingia `My Applications` kuhakikisha cheo alichoomba kimo. Kama hakimo, ombi halijafika, hata kama skrini ilionekana kukubali.

Siku ya mwisho ya tangazo mfumo huelemewa na waombaji wa nchi nzima, kurasa zinachukua muda mrefu kufunguka na ujumbe wa uthibitisho unachelewa. Kwa hiyo siku hiyo hatufungui akaunti mpya jioni. Anayekuja saa kumi na moja jioni hana barua pepe, hana muhuri wa wakili na barua hajaandika, tunamwambia kwamba kwa tangazo hili hatuwezi kumuahidi, lakini tunaweza kumwandalia kila kitu kwa ajili ya lijalo. Baadhi hukasirika. Ni afadhali hasira hiyo kuliko kuchukua pesa yake.

Kuhusu bei, tumeona kwamba kutaja jumla moja tu huleta ugomvi, mteja hajui analipia nini. Sisi tunaandika kwenye kipande cha karatasi kabla ya kuanza. Kwa dada huyu: CV mpya 5,000, barua 2,000, kuskani hati tano kwa 500 kila moja ni 2,500, kufungua akaunti na kujaza 8,000. Jumla ni 17,500. Wakili ana bei yake, analipwa huko kwake na sisi hatuongezi cha juu. Kwa mtu asiye na kipato hizo ni pesa nyingi, na ndiyo sababu tunamweleza kwamba ni gharama ya mara moja. Tangazo lijalo akaunti ipo, vyeti vimo, CV ipo. Atahitaji barua mpya yenye cheo kipya, isainiwe, iskaniwe na kutumwa: 2,000, 500, na 2,000 za kutuma, yaani 4,500. Na kama ana simu janja tunamfundisha kutuma mwenyewe, abaki kulipia barua tu. Duka linapoteza kidogo hapo, lakini wateja wengi tunaowapata huletwa na wale tuliowafundisha.

Akishalipa kuna usafi wa kufanya, na tunaufanya akiwa bado anaangalia. Mafaili yake yote yanahamishiwa kwenye fleshi yake au yanatumwa kwenye barua pepe yake. Tunatoka kwenye Gmail, kwenye Ajira Portal, na kwenye WhatsApp kama aliifungua kwenye kompyuta yetu. Tunafuta mafaili kwenye kompyuta, tunafuta na yaliyoko kwenye kapu la taka, na kama kivinjari kiliuliza kuhifadhi neno la siri, jibu lilikuwa hapana. Kompyuta ya steshenari inaguswa na watu wengi, na namba ya NIDA pamoja na cheti cha kuzaliwa cha mtu vinatosha kumfanyia mabaya. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ianze kutumika mwezi Mei 2023, kutunza taarifa za watu kiholela si suala la adabu peke yake.

Kinachobaki ni kumweleza namna ya kufuatilia. Aingie kwenye akaunti yake angalau mara moja kwa wiki, asome hali ya ombi, na aangalie matangazo ya kuitwa kwenye usaili kwenye `ajira.go.tz`, yanayowekwa kama PDF yenye majina. Asisubiri simu. Laini aliyoiandika asiitupe wala kuiacha ifungwe kwa kutotumika. Na kama jina lake litatoka, asome masharti yaliyo juu ya orodha hiyo kabla ya kukata tiketi ya basi: vyeti halisi kuanzia cha kuzaliwa, kitambulisho, na kwa dada yetu mwenye baba aliyeandikwa kwa m moja hapa na m mbili kule, ile hati ya kubadili jina ambayo kufikia siku hiyo inatakiwa iwe imeshatoka kwa Msajili.